Hizi "a" na "the" za Kiingereza, nyie mnajuaje ziwekwe wapi?

#1 KaraniMalaba
Wakuu, salaam. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Nyumbani ni Kiswahili toka nizaliwe, Kiingereza nimekipata shuleni. Kuongea naongea, hakuna dereva ambaye hatujaelewana. Shida ni ripoti. Juzi niliandika hivi, naiweka kama ilivyo msinicheke:

"Yesterday driver came to office. He said truck hit goat near bridge and mirror broke. Owner of goat wanted money. Driver gave me letter. I took letter to manager."

Karatasi ikarudi na maduara mekundu 12. Nimeyahesabu. Karibu kila duara ni "a" au "the" ambayo sikuweka. Nikamuuliza meneja nitajuaje ni ipi, akaniambia "utazoea tu". Nina miaka sita kazini, bado sijazoea. Kiswahili hakina vitu hivi na tunaelewana vizuri. Kuna kanuni, au ni kitu cha kuzaliwa nacho?

#2 BodaMzee
Swali la muhimu zaidi: mbuzi alipona?

#3 KaraniMalaba
Mbuzi alienda na maji. Mwenye mbuzi alilipwa. Turudi kwenye mada mzee.

#4 DadaMutukula
Mleta uzi, shuleni tulifundishwa kirahisi sana. Kitu kikitajwa mara ya kwanza weka "a", kikitajwa tena weka "the". Kama hadithi ya bibi: "Palikuwa na mzee mmoja... yule mzee akaondoka." Mzee mmoja ndiyo "a", yule mzee ndiyo "the". Kiswahili tunazo hizo, ila nyie wa upande huo mmezoea Kiswahili cha kambini cha "leta ile kitu", ndiyo maana hamzioni.

#5 KaraniMalaba
@DadaMutukula hiyo kanuni ninayo kwenye daftari toka darasa la sita. Nimejaribu kuipitisha kwenye ripoti yangu. "Office" nimeitaja mara moja tu, kwa hiyo ingekuwa "an office". Meneja kaweka "the office". "Manager" mara moja tu, kaweka "the". "Owner" hivyo hivyo. Kwa nini?

Halafu "money" hajaizungushia kabisa. Hiyo peke yake ndiyo iliyopona.

#6 AfandeMstaafu
Kijana, hili nalijua vizuri, nimesoma hati za mashtaka mbele ya mahakimu miaka mingi. Jibu ni kwamba mbele ya irabu unasoma "dhi", mbele ya konsonanti unasoma "dha". Dhi ofisa, dha dereva. Na "a" inakuwa "an" kwa kufuata sauti ya mdomo, usifuate herufi. Unaandika "an SMS" maana unatamka es. Unaandika "an LC1 chairman" maana ni el. Lakini "a UPDF soldier", maana hiyo U inatamkwa yu, ina konsonanti mbele. "An S4 student" lakini "a P7 pupil". "An hour" maana ile h imekufa. Vijana wengi wa siku hizi hawajui hili.

#7 Nakato_K
Afande umejibu swali ambalo hajauliza 😂 Yeye hajui aweke au asiweke, wewe unamfundisha kutamka. Ila hiyo ya UPDF nimeiiba, asante.

#8 MwalimuArua
Ngoja nimjibu Karani kwenye #5, maana swali lake ni zuri kuliko kanuni aliyopewa.

Kanuni ya mara ya kwanza na mara ya pili inashika sehemu ndogo tu. Mwingereza hahesabu mara ngapi amekitaja kitu. Anajiuliza: huyu ninayemwambia, atajua ni kipi? Kutaja mara ya kwanza ni njia moja ya kumjulisha, zipo nyingine.

Mimi darasani nawaambia wanafunzi wavae viatu vya msikilizaji, halafu waulize "Ipi?" Tupitie ripoti yako.

"Driver came." Meneja akisoma atauliza: dereva yupi? Hamjui, hujamtambulisha. Basi "a driver".

"To office." Ofisi ipi? Hataweza kuuliza, mna moja na amekaa ndani yake. "The office", hata kama ndiyo mara ya kwanza. "Manager" vivyo hivyo, ni yeye mwenyewe.

"Goat." Mbuzi yupi? Mbuzi tu, wa njiani. "A goat."

"Owner of goat." Hapa ndipo watu wanaanguka. Mwenye mbuzi hajatajwa, lakini mbuzi ameshatajwa, na mbuzi wa kufugwa lazima ana mwenyewe. Msomaji hashtuki kusikia ana mwenyewe, haulizi "mwenye mbuzi yupi?" Kwa hiyo "the owner of the goat". Kitu kimoja kimeingia mlangoni kikiwa kimemshika mkono mwenzake.

"Money" imepona kwa sababu haihesabiki kwa Kiingereza na hukusema pesa zipi. Pesa tu. Hapo hakuna kinachokaa mbele.

Barua iko wazi: "a letter", halafu "the letter". Hapo Dada yuko sahihi.

Zimebaki lori, daraja na kioo. Nitarudi, watoto wananidai daftari zao.

#9 BodaMzee
Ushauri wangu ni kuziacha zote. Miaka yote nimemwambia mzungu "Sir, helmet is there, price is ten thousand" na amepanda. Hakuna aliyewahi kuanguka kwenye boda kwa kukosa "the".

#10 PapaNakivale
Jambo bandugu. Mimi ni Mkongomani, nafundisha watoto hapa kambini Nakivale. Sisi tuliosoma Kifaransa hatuna shida hii. Kwa Kifaransa kila jina linavaa kofia, haliwezi kutoka nje kichwa wazi. "Le", "la", "un", "une". Ukiizoea hiyo, Kiingereza ni rahisi kuliko, maana hakuna ya kike na ya kiume. Ushauri wangu kwa Karani: ukiwa na shaka, weka "the". Afadhali kofia ya ziada kuliko kichwa wazi.

#11 Nakato_K
Naomba kuongeza jambo. Mimi lugha ya kwanza ni Luganda, Kiswahili nimekijua kwa baba mlezi. Luganda tuna ile irabu ya mbele: "omuntu", "ekitabo", "amazzi". Na kuna mahali inaanguka: "kitabo", "muntu". Kwangu ile irabu ndiyo "the" yetu. Nafikiri Waganda tunapata tabu kidogo kuliko nyie wa Kiswahili kitupu.

#12 UstadhBombo
Assalaam alaikum. Tukienda kwa njia hiyo ya dada Nakato, basi sisi wa madrasa ndio wa kwanza. Kiarabu kina "al". "Kitaab" ni kitabu chochote, "al-kitaab" ni kile kinachojulikana. Na Kiswahili kimezimeza hizo "al" bila kujua: Alhamisi, alasiri, alfajiri. Kila Alhamisi mnasema "the" na hamjui.

#13 DadaMutukula
😂😂 Kwa hiyo "siku ya Alhamisi" ni "siku ya the tano". Asante ustadhi, leo sitalala.

Narudi kwa Karani. Kama yule na mmoja hazikutoshi, kuna njia nyingine: angalia kitendo. "Nimesoma kitabu", hicho ni kitabu chochote. "Nimekisoma kitabu", hicho ni kile tunachokijua. Ile -ki- ndiyo "the". Kila ukitaka kuandika, sema kwanza kwa Kiswahili safi, sikiliza kama kitendo kimebeba kitu ndani. Kikibeba, weka "the". Kisipobeba, weka "a".

#14 KaraniMalaba
@DadaMutukula hii nimeipenda! Inaingia akilini. Najaribu: "Nimeipeleka barua kwa meneja", ina -i-, basi "the letter". "Amenipa barua", hakuna kitu, basi "a letter". Imekubali!

#15 MwalimuArua
Nimerudi. Njia ya Dada ni nzuri na ina matundu mawili makubwa, afadhali myaone kabla hamjaingia.

Tundu la kwanza: watu na wanyama. "Nimemwona mtu anaruka ukuta." Kitendo kimebeba -mw-, lakini mtu huyo hajulikani hata kidogo. Ni "a man". Kwa viumbe hai Kiswahili kinataka kiungo hicho ujue usijue. Karani angesema "lori limemgonga mbuzi", -m- imo, na bado ni "a goat". Kwa hiyo -ki-, -i-, -u-, -li- za vitu zisikilizeni. Ile -m- msiiamini.

Tundu la pili ni la upande mwingine. "Funga mlango." Kitendo hakikubeba kitu. Kwa njia ya Dada ingekuwa "close a door". Sasa mkiwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, mtu akikuambia "close a door", utaanza kutafuta milango mingine. Kikibeba kuna dalili nzuri ya "the". Kisipobeba hujui lolote bado, rudi kwenye swali la "Ipi?"

Dada Nakato, na wewe nina neno. "Nnina ekitabo" unasema unapokuwa na kitabu chochote, sivyo? Na irabu ipo. Ukikanusha, "sirina kitabo", irabu imeanguka. Kwa Kiingereza zote mbili ni "a book". Irabu yenu ina kazi yake na kukanusha kunaigusa, lakini si kazi ya "the".

#16 Nakato_K
Mwalimu hapo umenishika. "Sirina kitabo", kweli. Lakini bado nasema kuna kitu. Tangu utotoni sikio langu limezoea kwamba mbele ya jina kuna kakitu kanakuja na kuondoka. Hata kama kazi ni tofauti, mlango ulikuwa wazi. Kaka yangu aliyekulia Mombasa anaziacha zote, mimi naziweka zote na kukosea baadhi.

#17 MwalimuArua
Kuweka zote na kukosea baadhi, hiyo siipingi. Wanafunzi wangu wa Kilugbara na wa Kiswahili kosa lao kubwa ni kuacha, si kuchanganya. Kwa nini wewe si hivyo, sijui kama ni irabu au ni shule uliyosoma.

#18 AfandeMstaafu
Nakato ulinicheka kwenye #7, sasa nisikilize. Niliposema "dha" nilikuwa na maana. Chukueni redio, sikilizeni taarifa ya habari ya Kiingereza. Msomaji hasemi "to the manager" kwa maneno matatu. Anasema kitu kama "tudhmanija". Ile "dha" ni pumzi tu. Kiswahili kila silabi inapewa haki yake, o-fi-si, me-ne-ja, hakuna inayodhulumiwa. Sikio letu linangoja silabi nzima, halipati, linadhani hakuna kitu. Mimi nilianza kuziandika vizuri baada ya kuanza kuzisikia, na nilianza kuzisikia baada ya mkubwa wangu mmoja kunilazimisha kusoma hati kwa sauti kwa kasi ya kwao. Kabla ya hapo niliamini Waingereza wenyewe wanaziruka.

#19 Nakato_K
Afande, nimefuta kicheko changu. Hii ndiyo posti bora ya uzi.

#20 BodaMzee
Nakubali kwa shingo upande, ila niwaambie yangu. Nina tenda ya kupeleka matoke kwenye gereza moja, silitaji. Mteja wangu mwingine alinitumia ujumbe kwa Kiingereza, wapi ulipo? Nikamjibu kwa Kiingereza, nionekane msomi: "I am in prison." Mteja hakujibu tena, akatafuta boda mwingine, na jioni mke wake akampigia mke wangu kumpa pole. Mwalimu, kosa lilikuwa wapi? Niliacha "the" kama nilivyozoea.

#21 MwalimuArua
😂 Mzee, hapo ndipo "the" ilikuwa na thamani ya tenda yako.

Kuna majengo machache ambayo Kiingereza kinayatazama kwa sura mbili. Ukiwa ndani kwa kazi ile jengo lilijengewa, hakuna "the". "In prison" ni mfungwa, "in hospital" ni mgonjwa, "at school" ni mwanafunzi, "in church" ni muumini kwenye ibada. Ukienda kwa shughuli nyingine, basi ni jengo tu kama majengo mengine: "I am at the prison", umepeleka matoke. "I went to the hospital", umekwenda kumwona mgonjwa. Wamarekani kwenye hospitali wanaweka "the" hata kwa mgonjwa, msishangae mkiiona kwenye filamu. Na orodha hii ni fupi, msiitanue. Ofisi, benki na soko hazimo, hizo zinataka "the" hata ukiwa na kazi nazo.

#22 UstadhBombo
Afande anajua hili la hospitali, hati zote za ajali zinasema "was taken to hospital". Nimeona na nikadhani ni uvivu wa karani.

#23 KaraniMalaba
Wakuu, nimeandika ripoti ya pili. Nimefuata Papa Nakivale, penye shaka nimeweka "the":

"A driver came to the office. He said the life at the border is hard because the diesel is expensive in the Uganda. I told him to pay the money for the parking and gave him an advice."

Maduara matano. Meneja ameandika pembeni "sasa umezidi".

#24 BodaMzee
The Karani wa the Malaba 😂😂😂

#25 DadaMutukula
Papa Nakivale jitokeze, mtoto wa watu ataachishwa kazi.

#26 PapaNakivale
Niko. Lakini kosa nini? "La vie est dure." Maisha ni magumu. Kwa Kifaransa huwezi kusema bila "la". Mimi mwenyewe nimeandika "the life is hard" ubaoni, na hakuna mtu alinishika.

#27 MwalimuArua
Papa, Kifaransa kimekusaidia nusu ya safari na kukudanganya nusu iliyobaki. Kuvaa kofia kimekufundisha, hilo halina ubishi, hutawahi kuandika "driver came to office". Lakini unaposema jambo zima kwa jumla, maisha, dizeli, kahawa, upendo, Kifaransa kinaweka "la" na "le", Kiingereza kinavua. "Life is hard." "Diesel is expensive." Maisha gani? Yote tu. Dizeli ipi? Dizeli kama dizeli.

Ukiifunga kwenye kitu fulani, kofia inarudi: "The diesel in that truck was mixed with water." Sasa ni ile dizeli ya lori lile.

Na ustadhi, kabla hujacheka, Kiarabu kinafanya kama Kifaransa. "Al-hayaat" mkiwa na maana ya maisha yote. Wanafunzi wangu waliopita madrasa wanaandika "the patience is good" kila mwaka.

#28 UstadhBombo
Nilikuwa nimeshaanza kucheka. Nimenyamaza.

#29 MwalimuArua
Tumalize maduara ya Karani. "Uganda" ni jina la nchi, linatembea peke yake. "An advice", hapa Kiswahili kimekuponza: sisi shauri tunaweza kulipokea moja au mawili, Kiingereza kinauona kama maji. Ni "advice" tupu, au "some advice". Ndugu zake ni "information", "luggage", "furniture", "equipment", "news". Hakuna hata moja inayovaa "a". Wewe wa forodha "luggage" na "equipment" unakutana nazo kila siku, zishike hizo kwanza.

"Money" naona ameiachia safari hii, maana ni ada ya maegesho inayojulikana. Lakini kwenye "parking" nadhani meneja amekuonea, ningeiachia vilevile.

#30 KaraniMalaba
Umepatia yote, ni kama umeiona karatasi. Maduara ni life, diesel, Uganda, parking na advice. Sasa mwalimu, hukumaliza ya kwanza. Lori, daraja na kioo. Lori kaandika "his truck", daraja kaandika "the bridge", kioo kaandika "a mirror". Hii ya kioo imenishinda. Umesema mwenye mbuzi ni "the" kwa sababu mbuzi lazima ana mwenyewe. Lori nalo lazima lina kioo. Kwa nini si "the mirror"?

#31 MwalimuArua
Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Lori lina vioo vya pembeni vingapi?

#32 KaraniMalaba
Viwili. Mengine yana vinne.

#33 MwalimuArua
Basi umejijibu. Ukisema "the mirror broke", msomaji anaelewa kwamba ni kile kimoja kilichopo, halafu anakwama: cha kushoto au cha kulia? Swali la "Ipi?" bado liko hai. Kwa hiyo "a mirror", au "one of the mirrors", au useme wazi "the left mirror". Injini ni moja: "the engine". Usukani mmoja: "the steering wheel". Tairi ni nyingi: "a tyre burst". Vikiharibika vyote, ni "the mirrors", maana vyote havina kipi.

Kiswahili kinakusaidia kidogo hapa. Sema "Nilipanda teksi, dereva wake alikuwa amelewa." Ile "wake" inaunganisha dereva na teksi. Ukisikia ulimi wako unataka kuweka "wake" au "yake" kwa kitu ambacho hujakitaja, na kitu hicho ni kimoja tu ndani ya kile kikubwa, Mwingereza ataweka "the": "The driver was drunk." Lakini lazima kiwe kimoja. "Kioo chake kilivunjika" tunasema hata vikiwa viwili, na hapo ndipo tunapojikwaa.

Na "his truck" ni bora kuliko "the truck" kwa sababu pale Malaba malori yamepanga foleni. Lipi? Lake.

#34 DadaMutukula
Mwalimu nakubali kioo, daraja sikubali. Mimi si mtu wa Malaba. Nikisoma "near the bridge" nauliza: daraja lipi? Kwa kanuni yako mwenyewe ingekuwa "a bridge".

#35 KaraniMalaba
Hapa kila mtu anajua daraja. Ni lile la mto, pale mpakani.

#36 DadaMutukula
Kila mtu wa hapo. Ripoti ikienda makao makuu Kampala je?

#37 MwalimuArua
Ikienda Kampala kwa mtu asiyewahi kufika mpakani, ningeandika "a bridge", au "the bridge at the border". Ikibaki kwa meneja, "the bridge".

#38 AfandeMstaafu
Sikubaliani. Mwandishi wa hati anaandika kutoka pale alipo. Ukiandika "a bridge", wakili atasema shahidi hajui hata daraja gani. Sisi tuliandika "the bridge" na msomaji akaja kuona mwenyewe.

#39 Nakato_K
Kwa hiyo ripoti moja inaweza kuwa sahihi Malaba na kosa Kampala. Hii lugha ina visa.

Mwalimu, na mazoezi? Kuelewa nimeelewa. Ila nikiandika haraka siwezi kusimama kwenye kila jina na kuuliza "Ipi?"

#40 MwalimuArua
Nitasema ninachofanya na wanafunzi, kila mtu apime mwenyewe. Chukua aya moja ya gazeti, mistari kama 10, isizidi. Inakili kwenye daftari ukiacha "a", "an" na "the" zote, wala usiache nafasi zinapokaa, maana nafasi itakuonyesha jibu. Ifunike, ilaze siku moja. Kesho yake zirudishe bila kutazama gazeti, halafu linganisha. Ulizopata usizitazame tena. Ulizokosa ziandike ukurasa wa nyuma pamoja na jina lake: "the owner", "advice", "a mirror". Baada ya wiki mbili soma ukurasa huo. Kila mtu ana ugonjwa wake. Karani atakuta ni kuacha, Papa atakuta ni kofia za ziada.

Na neno jipya usiliandike uchi kwenye daftari. Andika "a receipt", andika "some equipment". Ni kama mtoto anavyoshika ngeli: hakufundishwa kwamba kiti ni ki-vi, alisikia kiti changu, viti vyangu, mpaka ulimi ukakataa kiti yangu.

#41 BodaMzee
Ulimi wangu haujakataa kiti yangu mpaka leo.

#42 DadaMutukula
Tumeona mzee, toka #9 tumeona.

Mwalimu, jambo moja. "Mzee mmoja" niliyoisema #4, wauzaji wa hapa Mutukula wanaitafsiri nzima nzima: "I saw one man". Ni sawa?

#43 MwalimuArua
"One man" ni kama unahesabu, mmoja na si wawili. Ukiwa unaanza hadithi ni "a man". Ajabu ni kwamba hiyo "a" yenyewe zamani ilikuwa neno la "moja", na "the" ni ndugu wa "that". Walianza na mmoja na yule kama bibi yako, zikasagika mpaka zikawa pumzi ya Afande.

#44 PapaNakivale
Na "le" ya Kifaransa ilitoka kwa "ille" ya Kilatini, maana yake yule. Padri alituambia. Kwa hiyo wote walikuwa na yule.

#45 UstadhBombo
Ngojeni miaka 500, na Kiswahili kitavaa.

#46 DadaMutukula
Hakivai. Kina -ki- na word... nilitaka kusema kina mpangilio wake. "Gari limefika" ni lile tulilolingoja. "Kuna gari limefika" ni geni. Kofia ya nini?

#47 KaraniMalaba
Dada, hiyo ya "gari limefika" na "kuna gari limefika" ndiyo naitumia leo asubuhi, na mpaka sasa imekubali mara saba kati ya nane. "The truck has arrived" kwa lile lililokuwa kwenye orodha, "a truck has arrived" kwa lisilokuwepo.

Ya nane ni mto. Nimeandika "the truck fell into Nile". Duara. Nikaandika juzi "Lake Victoria" bila kitu, hakuna duara. Yote ni maji ya hapa hapa Uganda.

#48 Nakato_K
Na mlima Elgon hauvai, Rwenzori inavaa: "Mount Elgon", "the Rwenzori Mountains". Nimeyaona kwenye ramani.

#49 MwalimuArua
Mito inavaa, ziwa moja halivai. Mlima mmoja hauvai, safu ya milima inavaa. Kwa nini, sina maelezo yanayoniridhisha mwenyewe. Hizo nilizikariri kama methali.

#50 AfandeMstaafu
Mto unatembea, unapita kwa watu wengi, lazima useme upi. Ziwa limekaa.

#51 MwalimuArua
Afande, na mlima je? Mlima nao umekaa, na safu ya Rwenzori imekaa vilevile.

#52 AfandeMstaafu
Nipe mpaka kesho.

#53 BodaMzee
Karani, lori limeanguka Nile na wewe unauliza "the"? Dereva alipona?